Kukataa nyongeza ya bure bila kumpoteza mteja

Mteja wangu alikuwa ushirika wa wafugaji nyuki ulio nje kidogo ya Tabora mjini, upande wa barabara ya Sikonge, na kazi niliyopewa ilikuwa kutengeneza mfumo wa kompyuta wa mapokezi ya asali. Mfugaji anashusha ndoo zake ghalani, karani anapima uzito, anadondosha tone kwenye kipimo cha unyevu (ikizidi asilimia 20 asali haipokelewi), anaandika daraja, kisha mfumo unachapisha stakabadhi na kukokotoa malipo. Mkataba ulikuwa wa Sh 6,400,000 kwa awamu tatu: asilimia 40 wakati wa kusaini, asilimia 40 mfumo ukianza kutumika ghalani, na asilimia 20 baada ya makabidhiano. Kazi zote ziliorodheshwa kwenye Kiambatisho A, vipengele sita. Vitano vilishakamilika. Cha sita, kumbukumbu za mikopo ya mizinga, kilikuwa hakijaanza.

Siku moja Katibu akaandika hivi kwenye kundi la WhatsApp la mradi, ambalo wajumbe wa bodi nao wamo:

"Habari za jioni kijana wetu. Bodi imekaa leo na inakupongeza kwa kazi nzuri. Tunaomba umalizie vitu vidogo tu. Stakabadhi za wale wa vijiji viwili zinatoka na jina la kata badala ya kijiji. Ripoti ya msimu tuione na kijiji kwa kijiji. Na mfugaji akishapimiwa apate meseji kwenye simu yake, kilo ngapi na hela ngapi. Tukimaliza haya tufanye makabidhiano. Asante."

Mtu akipata ujumbe wa namna hii kinachomuuma ni hivyo "vitu vidogo". Mimi naona sentensi nzito ni ile ya mwisho. Makabidhiano ndiyo yanayofungua awamu ya tatu, yaani Sh 1,280,000, na Katibu, bila nia mbaya yoyote, ameyafunga kwenye jambo ambalo halimo kwenye mkataba. Ukijibu "sawa mzee, nitajitahidi" umekubali mambo mawili kwa pamoja: kufanya kazi mpya bure, na kutolipwa ile ya zamani mpaka hiyo mpya iishe. Kwa hiyo jibu lina kazi ya kufungua fundo hilo kwanza, kisha ndipo lizungumzie meseji.

Kundini sikujibu hoja. Niliandika tu: "Shikamoo Katibu. Nimepokea, ahsante kwa salamu za bodi. Nayapitia yote matatu nikilinganisha na Kiambatisho A, majibu nitayaleta kwa maandishi Ijumaa mchana." Kujibu hoja mbele ya bodi nzima ni kumfanya Katibu ajitetee mbele ya wakubwa zake, na mtu anayejitetea harudi nyuma. Lakini pia sikuandika "sawa" wala "usijali" wala "tutaangalia". Kwetu hizo ni lugha za adabu za kuahirisha, na ukiwa umekaa na mtu kibarazani anaelewa kwamba bado hujakubali. Zikishaandikwa na kusomwa na mjumbe ambaye hakuwepo, zinageuka ahadi. Wiki mbili baadaye mtu anapandisha juu mazungumzo na kukuonyesha: si ulisema sawa?

Kisha nikakaa na yale maombi matatu, kwa sababu ingawa yamekuja kwenye sentensi zinazofuatana, hayafanani kabisa.

La jina la kijiji ni kasoro. Stakabadhi ilitakiwa ionyeshe kijiji, haionyeshi. Hilo ni deni langu, halina bei wala mjadala. Ripoti ya kijiji kwa kijiji imekaa pembezoni: Kiambatisho A kilitaja "ripoti ya msimu kwa mwanachama na kwa jumla", kijiji hakikutajwa, ila data zote zimo na ni kazi ya saa tatu hivi. Meseji ni kitu kipya kabisa. Kabla ya kusema hivyo nilirudia kusoma kiambatisho neno kwa neno. Kama kingekuwa na sentensi mfano "mfumo utamjulisha mfugaji matokeo ya upimaji", hoja ingekuwa imekufa hapo hapo na kazi ingekuwa yangu, hata kama mimi nilikuwa na maana ya stakabadhi ya karatasi. Ukiandika barua ya kukataa halafu mhasibu akakusomea kipengele chako mwenyewe, huwezi tena kuaminika kwenye mengine yote.

Sasa ile meseji. Kwa anayeomba, ni kitu kidogo kweli: simu zinatumiana meseji kila dakika, shida iko wapi? Wajibu wa anayekataa ni kuonyesha kazi ilipo, kwa maneno ya ghalani na si ya kompyuta. Ndiyo maana niliichambua mwenyewe kwanza.

Siku moja inaishia kwenye kuunganisha mfumo na mtoa huduma wa meseji kwa wingi, kufungua akaunti ya ushirika na kuomba jina la mtumaji ili meseji ifike na jina la ushirika badala ya namba ngeni. Siku moja na nusu ni ya kusafisha namba. Daftari la wanachama lina namba zilizoanza na 07, nyingine 06, nyingine 255, nyingine zina herufi O mahali pa sifuri, na nyingine zinajirudia kwa sababu mume, mke na mtoto mkubwa wote wameandikisha simu moja. Siku nyingine ni ya mtandao: ghala likikosa mtandao mchana kutwa, meseji lazima zipange foleni na zitoke mtandao ukirudi, kila moja mara moja tu.

Siku nyingine ni ya masahihisho, na hii ndiyo ambayo hakuna anayeifikiria. Karani amekosea, ameandika kilo 425 badala ya 42.5, amesahihisha baada ya dakika mbili. Stakabadhi mbaya ya karatasi unaichana. Meseji huichani. Mfugaji ameshaonyeshwa kwenye simu yake hela mara kumi ya anachostahili, na kesho atakuwa mlangoni pa ofisi akidai. Kwa hiyo inabidi mfumo usubiri mpaka karani afunge mapokezi ya mtu huyo, na ukitokea usahihisho baada ya hapo, itoke meseji ya pili inayofuta ya kwanza kwa namba ya stakabadhi.

Nusu siku ni ya ridhaa. Namba ya mtu pamoja na kiasi anacholipwa ni taarifa binafsi, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ushirika unapaswa kumweleza mwanachama taarifa zake zinatumikaje. Hata bila sheria, fikiria ile simu moja ya watu watatu: si kila mfugaji anataka nyumba nzima ijue kapata ngapi. Inahitajika alama kwenye fomu ya mwanachama, anataka meseji au hataki. Siku ya mwisho ni ya kujaribu ghalani na makarani. Jumla siku sita, na kwa bei yangu ya Sh 120,000 kwa siku ni Sh 720,000.

Hapo gharama ya meseji zenyewe bado. Ushirika una wanachama 640, na wastani wao ni kuleta asali mara tatu kwa msimu, kwa hiyo ni meseji 1,920. Kwa bei tuliyopewa, Sh 22 kwa moja, ni Sh 42,240. Nafuu. Lakini kuna mtego mmoja mdogo ambao nafurahi nilikuwa naujua. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi zikiwemo, mradi herufi zote ziwe kwenye orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Ikiingia hata moja tu iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe mzima unaandikwa kwa namna nyingine na nafasi inashuka hadi herufi 70. Na sisi huku Unyamwezini tuna majina ya ng'. Alama iliyonyooka haina shida, imo kwenye orodha. Ile iliyopinda, ambayo simu na programu za kuandikia huibadilisha zenyewe bila kukuuliza, haimo. Tazama huu:

```
Ndugu Ng’wandu, kilo 42.5 za asali zimepokelewa 12/6. Malipo Sh 191,250. Stakabadhi 00317.
```

Ni herufi 90. Kwa alama iliyonyooka ni meseji moja. Kwa hii iliyopinda inakatwa vipande viwili na inalipiwa mbili. Daftari likiwa limejaa alama zilizopinda, na mpangilio wa ujumbe wenyewe ukiwa nayo mahali, bajeti ya Sh 42,240 inakimbilia Sh 84,480 bila mtu kuelewa imekwendaje. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu jambo moja dogo la namna hii, ukimweleza mhasibu kwa simu, linamshawishi kuliko kumwambia "kuna kazi nyingi ya kiufundi nyuma ya pazia". Kauli hiyo kila fundi anaitumia, na kila mteja ameshaizoea.

Alhamisi nilimpigia Katibu kabla ya kuandika chochote. Barua ya kukataa isimfikie mtu bila taarifa. Na simu hiyo ndiyo iliyoniambia kilichokuwa nyuma ya ombi. "Mwanangu," akasema, "Mwenyekiti alishasema mbele ya wanachama kwamba msimu huu kila mtu atapata meseji. Sasa tutamwangushaje?"

Hapo picha ikabadilika. Shida haikuwa kwamba wanataka cha bure. Kulikuwa na ahadi ya mzee hadharani, na barua yoyote inayosema tu "hapana, labda mlipe" ingemwacha bila la kusema. Nikamjibu: "Mzee, simwangushi. Nitaandika kitu ambacho anaweza kukisoma mbele ya watu hao hao." Sikumwambia bei kwenye simu. Bei ikitajwa kwa mdomo inafika kwenye bodi ikiwa imepungua au imeongezeka, na maelezo yake hayafiki kabisa.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Naiweka kama ilivyokwenda, nimeondoa majina.

> Ndugu Katibu,
>
> Yah: MAOMBI YA NYONGEZA KWENYE MFUMO WA MAPOKEZI YA ASALI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu, pamoja na ujumbe wako wa tarehe 9. Naishukuru bodi kwa pongezi.
>
> 1. Jina la kijiji kwenye stakabadhi. Hii ni kasoro ya mfumo na ni wajibu wangu. Itakuwa imerekebishwa Jumatatu tarehe 15, bila gharama.
>
> 2. Ripoti ya kijiji kwa kijiji. Kiambatisho A, kipengele cha 5, kinataja ripoti kwa mwanachama na kwa jumla. Ya kijiji ni kazi mpya ya saa 3, thamani yake Sh 45,000. Kwa mara hii sitaitoza. Itatoka Jumatatu hiyo hiyo.
>
> 3. Meseji kwa mfugaji. Haimo kwenye Kiambatisho A. Ni siku 6 za kazi, Sh 720,000, mchanganuo umeambatishwa. Meseji zenyewe ushirika utazilipia moja kwa moja kwa mtoa huduma. Siwezi kuifanya ndani ya bei ya sasa. Naomba bodi ichague moja:
>
> (a) Ifanyike kama kazi ya ziada kwa Sh 720,000, baada ya makabidhiano na baada ya kusaini nyongeza ya mkataba.
>
> (b) Kipengele cha 6 (mikopo ya mizinga, siku 5, hakijaanza) kiondolewe, meseji zichukue nafasi yake. Tofauti ni siku 1, Sh 120,000. Makabidhiano yatasogea hadi tarehe 25.
>
> (c) Msimu huu isitengenezwe. Karani apakue faili la mapokezi ya siku, ambalo tayari limo kwenye mfumo, na Katibu atume meseji kila jioni kupitia tovuti ya mtoa huduma.
>
> Kwa njia (a) na (c) makabidhiano yanabaki tarehe 24 kwa vipengele vya Kiambatisho A, bila kusubiri meseji. Kwa njia (b), jina la mtumaji likichelewa kusajiliwa, makabidhiano yatafanyika kwa jina la majaribio la mtoa huduma.
>
> Naomba jibu kufikia Jumanne tarehe 16. Lisipofika, nitaendelea na kipengele cha 6 kama mkataba ulivyo.
>
> Wako,

Kukataa kwenyewe ni sentensi moja: siwezi kuifanya ndani ya bei ya sasa. Sikuomba radhi, kwa sababu hakuna niliyemkosea, na radhi isiyo na kosa humfanya msomaji atafute kosa. Sikutaja ada za shule wala bei ya umeme. Mteja akishajua kwamba unakataa kwa sababu ya shida zako, mazungumzo yatahamia kwenye shida zako, na zake ni nyingi vilevile. Sikuandika pia "kutokana na changamoto zilizopo", maneno yanayojaza mstari huku hakuna anayejua changamoto gani.

Kasoro niliitanguliza kwa makusudi. Mtu anayesoma kwamba umekubali deni lako kwa sentensi mbili, na tarehe juu yake, anaipa uzito sentensi yako inayosema jambo la tatu si deni.

La ripoti tunabishana sana na wenzangu tunaofanya kazi hizi. Wapo wanaosema usitoe hata saa moja, ukitoa kidole watachukua mkono. Mimi natoa, lakini natoa ikiwa na bei iliyoandikwa. Saa tatu ni pungufu ya muda ambao ningetumia kubishana juu yake, na bodi iliona thamani yake kwa shilingi. Kinacholeta balaa ni kile kinachofanyika kimya kimya, mtu anaingia usiku anaongeza ripoti na kuandika "tayari mzee". Hicho hakina bei kichwani mwa mteja, kwa hiyo hakina thamani, na kinakuwa kipimo cha ombi linalofuata. Neno "kwa mara hii" nalo lina kazi pale.

Kwenye meseji sikutoa punguzo lolote. Ukisema 720,000 halafu ukashuka hadi 500,000 bila kuondoa kitu, umewaambia kwamba zile 220,000 zilikuwa hewa, na watakuwa sahihi kuuliza hewa nyingine iko wapi kwenye mkataba wa awali. Bei inashuka pale kazi inaposhuka, ndiyo maana ya njia (b).

Na njia (c) lazima iwe ya kweli. Barua nyingi za namna hii zina njia tatu ambazo mbili ni mapambo, na msomaji analigundua haraka. Hii ya faili la jioni inafanya kazi: inamchukua Katibu nusu saa hivi kila siku ya mapokezi, haina ulinzi wa masahihisho zaidi ya macho yake mwenyewe, na namba mbovu zitabaki mbovu. Lakini mfugaji anapata meseji, na Mwenyekiti ana la kusema bila kutoa shilingi zaidi ya gharama za kutuma. Mimi mwenyewe ningekuwa kwenye ile bodi, kwa msimu wa kwanza ningechagua hiyo.

Sentensi ya tarehe 16 wengine waliiona kali. Bila hiyo, kimya cha bodi kinakuwa kimya chako: hujaanza kipengele cha 6 kwa sababu huenda kikaondolewa, hujaanza meseji kwa sababu hazijaidhinishwa, na tarehe 24 inafika huna la kukabidhi. Sentensi inayosema utafanya nini usipojibiwa inamwacha kila mtu huru kukaa kimya bila mradi kusimama.

Jumatatu nilipeleka vile viwili nilivyoahidi, kabla bodi haijakaa. Jioni Katibu akaandika kundini: "Tumeipata barua. Sawa, endelea tu." Hapa ndipo wengi huteleza kwa furaha. Endelea na nini? Nikajibu: "Ahsante Katibu. Niendelee na (a), (b) au (c)? Nikipata herufi moja tu inatosha." Hakukasirika. Bodi ndiyo ilikuwa haijaamua, na Katibu peke yake hana mamlaka ya kuidhinisha matumizi, jambo analolijua vizuri kuliko mimi.

Walikaa Jumanne, nikaitwa. Mhasibu alisimama na (b) kwa sababu ambayo mimi sikuijua: masharti ya mikopo ya mizinga bado wanachama hawajayapitisha, kwa hiyo kipengele cha 6 kingekaa bila kutumika msimu mzima. Mwenyekiti akaipenda. Kisha akanigeukia: "Kijana, hiyo laki na ishirini iachie. Sisi si watu wa kukimbiana."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, laki na ishirini ni siku moja ya kazi, na siku inayoweza kutoka ni ile ya kujaribu ghalani na makarani. Tukiiondoa, nitawakabidhi na watajaribu wenyewe siku ya kwanza ya mapokezi, wafugaji wakiwa kwenye foleni." Akamtazama karani mkuu. Karani akatikisa kichwa. "Basi iwepo," Mwenyekiti akasema, na tukahamia kwenye chai.

Fundi yeyote aliyepita kwenye kambi za ujenzi wa reli ya SGR huku kwetu analijua neno variesheni, yaani mabadiliko ya kazi baada ya mkataba kusainiwa, na atakwambia kwamba variesheni isiyo na karatasi ni hadithi. Kwa hiyo siku hiyo hiyo tulisaini ukurasa mmoja, Mwenyekiti na Katibu upande wao, mimi upande wangu. Muhimu kwenye ukurasa huo ni mstari wa kwanza, ambao watu huusahau: "Kipengele cha 6 cha Kiambatisho A kinafutwa." Ukiandika tu kwamba meseji zimeongezwa, siku ya makabidhiano orodha itakuwa na vipengele saba, na mjumbe ambaye hakuwepo Jumanne atauliza mikopo ya mizinga iko wapi, naye hatakuwa na kosa. Chini yake tukaandika kipengele kipya na namna ya kukipima: mapokezi matano ya majaribio, simu tano tofauti, usahihisho mmoja, na mtandao kuzimwa mara moja katikati.

Ankara ya Sh 120,000 niliitoa peke yake, sikuichanganya na ile ya awamu ya tatu. Ukizichanganya, swali lolote dogo kuhusu nyongeza linasimamisha malipo yote, na utarudi pale pale ulipoanzia, Sh 1,280,000 ikiwa imefungwa kwenye jambo jingine. Mhasibu alikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye kila moja, akanipa vyeti viwili. Awamu ya tatu ililipwa wiki ya makabidhiano. Ile ya nyongeza ilichelewa kidogo, kwa sababu mmoja wa watia saini alikuwa amesafiri kwenda Urambo.